Jinsi nilivyozuia swali la kwanza kuamua alama za karatasi nzima

Nilikuwa na karatasi 120 za mtihani wa insha, kila moja na majibu manne. Niliporudia kumi bila kutazama alama za awali, nilishtuka. Jibu la swali la 3 nililolipatia 14 kati ya 20 lilistahili 9: mwanafunzi alikuwa ameanza vizuri mno, nami nikaendelea kumwamini. Jingine, zuri tu, lilipata 8 kwa sababu lilifuata karatasi bora kuliko zote.

Kupumzika mara kwa mara hakukusaidia. Kusahihisha swali moja kwa karatasi zote, kisha linalofuata, kulisaidia kidogo tu. Sababu niliigundua baadaye: alama za swali la 1 zilikuwa pale ukingoni, kwa wino mwekundu, na jicho lilizisoma kabla ya jibu.

Basi nikaacha kuandika chochote kwenye karatasi. Alama niliziweka kwenye jedwali la pembeni, safu ya swali lililokwisha nikiikunja isionekane. Majina niliyafunika, nikatumia namba. Kila swali lilipokwisha nilichanganya rundo upya. Kuligeuza tu hakutoshi, maana majirani wanabaki wale wale. Mwisho nikarudia karatasi 10 za mwanzo za kila swali, kwa kuwa hapo kipimo changu kilikuwa hakijatulia.

Safari hii ni chache tu zilizobadilika, tena kwa alama 1. Mwandiko bado unanivuta. Huo siwezi kuufunika.