Pendulamu ya barazani, Moshi: vipimo vya wiki hii

Uzi sasa umebanwa kati ya vipande viwili vya ubao kwenye boriti ya baraza, kwa hiyo sehemu ya kuning'inia haichezi tena. Chini yake kuna gololi ya chuma ya beringi kuukuu ya lori, yenye kipenyo cha milimita 25. Urefu kutoka ubaoni hadi katikati ya gololi ni mita 1.000, na futi ya chuma inaniruhusu kuuamini kwa milimita 2 hivi.

Mpwa wangu wa kidato cha tatu ndiye aliyeshika saa. Tunavuta gololi sentimita 8 tu pembeni, tunaiacha ibembee kidogo, kisha tunahesabu mibembeo 20 ya kwenda na kurudi kila inapopita kwenye alama ya chaki. Alisoma sekunde 40.12, 40.31, 38.16, 40.05, 40.24 na 40.18.

"Mjomba, hii ya 38 tuifute?"

Swali zuri, maana kipimo hakifutwi kwa sababu tu hakipendezi. Tofauti yake na vingine ni kama sekunde 2, yaani mbembeo mmoja kamili. Pale alianza kuhesabu "moja" alipobonyeza saa, badala ya "sifuri", akapima mibembeo 19. Chanzo kinajulikana, kwa hiyo kinaondoka, lakini daftarini kimebaki na mstari juu yake pamoja na sababu.

Vitano vilivyobaki vina wastani wa 40.18. Kikubwa ukitoa kidogo, mtawanyiko ni 0.26. Tunachukua nusu yake kila upande: 40.18 ± 0.13. Kwa mbembeo mmoja gawanya vyote kwa 20: sekunde 2.009 ± 0.007. Hapo ndipo faida ya kupima mibembeo mingi ilipo, kwani kuchelewa kwa kidole kunagawanywa pia.

Tunachotafuta ni g, mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia. Kwa g = 4π²L/T², L ikiwa urefu na T muda wa mbembeo mmoja, tunapata 9.78 m/s². Shaka ya muda ni asilimia 0.3, nayo huhesabiwa mara mbili kwa sababu T imepandishwa kipeo cha pili. Ukiongeza asilimia 0.2 ya urefu unapata 9.78 ± 0.08.

Lililonishughulisha zaidi ni kile ambacho mtawanyiko hauoni. Tungepima uzi hadi juu ya gololi tu, tungeandika mita 0.9875, na g ingetoka 9.66 ± 0.08. Vipimo vya muda vingekubaliana vilevile, na bado thamani ya kweli ya hapa, karibu 9.78, ingekuwa nje ya mipaka tuliyojiwekea. Kurudia hata mara mia kusingesaidia. Tena mtawanyiko haupungui kamwe kwa kuongeza vipimo, hubaki ulivyo au hukua.

Hatua inayofuata ni urefu wa aina tano, kuanzia sentimita 40 hadi 120, kisha grafu ya T² dhidi ya L. Kosa la urefu lililo sawa kila mara husogeza mstari, mwinamo haubadiliki, na g tutaisoma kwenye mwinamo.