Kifurushi kikubwa hakikuniondolea kuchelewa

Dada yangu yuko Maskati. Kila Ijumaa baada ya Maghrib tulipigiana simu ya video na tukaishia kukatizana maneno. Namuuliza jambo, kimya, naanza kuuliza tena, na jibu lake la kwanza ndio laingia. "Kaka, wanisikia?" Picha yake kwangu ilikuwa safi. Chumba cha pili mwanangu alilalamika kuwa kwenye gemu ya mpira akibonyeza pasi, mchezaji wake atoa wakati mpira ushanyang'anywa.

Nikapandisha kifurushi kutoka megabiti 10 hadi 20. Hali ikabaki ileile, nami nalipa zaidi.

Kasi ni kama ukubwa wa feri ya Likoni: yavusha watu wangapi kwa saa. Ucheleweshaji ni muda wako wewe, tangu uingie foleni hadi ukanyage ng'ambo. Sauti ya simu ni abiria wachache sana, lakini kila mmoja ana haraka.

Ijumaa moja nikaacha kompyuta ya Windows ikipima:

```
ping -t 8.8.8.8
```

Namba yenye ms katika kila mstari ni milisekunde za kwenda na kurudi. Nyumba ikiwa imetulia nilipata 30. Wakati wa simu ikapanda hadi 800. Nikatoa vifaa kwenye Waifai kimoja kimoja. Ilipotoka simu ya mke wangu, namba ikashuka palepale. Ilikuwa ikipandisha picha za wiki nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Njia yangu ya kupandisha data ni megabiti 5 kwa sekunde, na kifurushi kipya hakikuigusa. Kiliongeza ya kushusha tu. Picha zikizidi, modemu huzipanga foleni badala ya kuzikataa. Foleni ya kilobaiti 500 ni megabiti 4, na kwa njia ya megabiti 5 hiyo ni sekunde 0.8 za kungoja. Sauti yangu ilikuwa nyuma ya picha zote hizo.

Ruta yangu ina mpangilio uitwao SQM. Nikauwasha na kuweka kikomo cha kupandisha megabiti 4.5, chini kidogo ya uwezo wa njia. Sasa foleni hujikusanya ndani ya ruta, ambayo hupenyeza vipande vya sauti katikati ya picha. Nikapima picha zikipanda: 40.

Umbali wenyewe siwezi kuupunguza. Kebo ya intaneti ya chini ya bahari iitwayo TEAMS, iliyofika Mombasa 2009, ina karibu kilomita 5,000 hadi Fujaira, Falme za Kiarabu. Mwanga ndani ya kioo hukata kilomita 200,000 kwa sekunde, basi kwenda na kurudi ni milisekunde 50, hata ukinunua kifurushi gani. Kwa hiyo mwanangu nilimwambia aache seva ya Ulaya, achague ya Ghuba.