Kutoka rundo la meseji hadi mstari mmoja kwa kila kaya: nilivyopanga majibu ya dodoso la maji

Kazi niliyopewa ilikuwa kuandaa data za dodoso fupi la upatikanaji wa maji katika kaya 60 za kata moja iliyo pembezoni mwa mji wa Morogoro. Wadodosaji hawakuwa na fomu ya kielektroniki, hivyo walikuwa wakituma majibu kwa WhatsApp, na mratibu aliyanakili yote, moja baada ya jingine, kwenye faili moja la maandishi. Maswali yalikuwa matano tu: vyanzo vya maji vya kaya, muda wa kwenda, kupanga foleni na kurudi, idadi ya madumu ya lita 20 kwa siku, bei ya dumu, na nani huteka maji. Kilichotakiwa mwishoni kilikuwa jedwali ambalo kila kaya ina mstari wake mmoja na kila swali lina safu yake.

Naeleza njia niliyoifuata kwa sababu watu wengi hukimbilia kutengeneza jedwali hilo moja kwa moja, wakikata na kubandika jibu moja moja. Mimi nilipitia kwanza jedwali refu lenye safu tatu tu, yaani kaya, swali na jibu, kisha ndipo nikalikunjua kuwa jedwali pana. Makosa ya kugawanya maandishi huonekana waziwazi katika jedwali refu, lakini hufichika kabisa yakishaingia katika jedwali pana.

Hivi ndivyo meseji ya kaya moja ilivyokuwa ndani ya faili:

```
Kaya 27. 1. kisima cha jirani, mvua ikinyesha
2) saa 1
3. 3-4
4- 50 kila dumu, kiangazi
100
5.
```

Namba za maswali zimeandikwa kwa namna tofauti, jibu la nne limekatika katikati, na la tano ni tupu. Kabla ya kugusa chochote nilihifadhi nakala ya faili asilia nisiyoibadilisha, kisha nikafungua nakala nyingine katika Notepad++, nikabonyeza Ctrl+H na kuchagua Regular expression. Nilifanya mabadilisho matatu, na mpangilio wake ni muhimu. La kwanza lilitenganisha kaya na kaya kwa kutafuta ruwaza hii:

```
\bkaya\s*(?:na\.?|namba)?\s*(\d+)[.,:;\s]*
```

na kuweka `\nKaya \1\n` mahali pake, ili kila mwanzo wa kaya ukae peke yake kwenye mstari. La pili lilisawazisha namba za maswali zilizo mwanzoni mwa mstari kwa kutafuta:

```
^[ \t]*([1-5])[ \t]*[.):-](?!\d)
```

na kuweka `\1|`. Kipande cha mwisho, `(?!\d)`, kinakataa alama inayofuatwa na tarakimu, kwa hiyo mstari unaoanza na 3-4 au 1.5 hauhesabiwi kuwa swali jipya. La tatu liliunganisha mistari iliyokatika: nilitafuta `\R(?!Kaya |[1-5]\|)` na kuweka nafasi moja, yaani kila mstari usioanza na jina la kaya wala namba ya swali ulirudishwa kwenye jibu lililoutangulia. Kaya 27 ikawa hivi:

```
Kaya 27
1| kisima cha jirani, mvua ikinyesha
2| saa 1
3| 3-4
4| 50 kila dumu, kiangazi 100
5|
```

Hapo nilisimama na kutazama mistari ya kaya peke yake, kwa sababu ruwaza ya kwanza ina udhaifu unaojulikana. Mhojiwa mmoja alikuwa ameeleza kwamba «kaya 4 tunachangia kisima hiki», na ruwaza ikaona humo mwanzo wa kaya ya nne. Dalili yake ilikuwa rahisi kuiona: kati ya kaya 33 na 34 palijitokeza Kaya 4, ambayo tayari ilikuwapo juu, na nusu ya majibu ya kaya 33 yakawa yamehamia kwake. Nilirudi kwenye nakala, nikaandika «kaya nne» kwa maneno mahali hapo, na kurudia mabadilisho. Ningekuwa nimekwisha kutengeneza jedwali pana, kosa hilo lingebaki kama pengo dogo katika kaya 33 ambalo mtu angedhani ni swali lisilojibiwa.

Kuingiza maandishi haya katika Excel kunahitaji tahadhari moja ambayo siiachi kamwe. Nilibandika mistari yote kwenye safu A ya karatasi niliyoiita `refu`, kuanzia mstari wa pili, nikatumia Text to Columns kwa alama ya `|`, na katika hatua ya mwisho ya dirisha lile nikachagua Text kwa safu zote mbili. Usipofanya hivyo, jibu la «3-4», yaani madumu matatu hadi manne, linaweza kugeuzwa kuwa tarehe. Na likishageuka, kubadilisha muundo wa seli kuwa maandishi hakulirudishi, kwa kuwa kinachobaki ndani ya seli ni namba ya mfululizo ya tarehe. 3 Aprili 2024, kwa mfano, huonekana kama 45385. Jibu la mhojiwa linakuwa limepotea, na ni faili asilia tu linaloweza kukwambia lilikuwa nini.

Safu C niliijaza namba ya kaya kwa fomula inayosoma mstari wa kaya au kuchukua namba iliyo juu yake, na safu D ikawa ufunguo unaounganisha kaya na swali:

```
C2: =IF(LEFT(A2,5)="Kaya ",VALUE(MID(A2,6,9)),C1)
D2: =C2&"|"&A2
E2: =COUNTIF(D:D,D2)
```

Safu E ndiyo mlinzi wa kazi yote. Kaya 60 kwa maswali matano ni funguo 300, na kila moja inapaswa kujitokeza mara moja tu. Palipotokea 2, nilikuta mara nyingi sentensi ya mhojiwa iliyokatika vibaya, kwa mfano mstari ulioanza na «3. Maji hayatoshi», ambapo tatu ilikuwa idadi ya madumu iliyoachwa ikamalizikia kwenye mstari wa pili. Upande wa pili ni funguo zinazokosekana, ambazo zilitokana hasa na mdodosaji aliyeandika «4.50 kila dumu» bila kuacha nafasi, ruwaza ilidhani ni desimali, na jibu la bei likajiunga na jibu la tatu. Haya yote nilirekebisha kwa mkono nikiwa na maandishi asilia pembeni. Ruwaza yenye akili zaidi ingeweza kutengenezwa, lakini kwa kaya 60 naamini jicho la mtu ni la haraka na la kuaminika zaidi.

Baada ya hapo karatasi ya `pana` ilikuwa kazi ndogo. Safu A ina namba za kaya 1 hadi 60, mstari wa juu una namba za maswali 1 hadi 5, na seli ya B2 ina fomula hii inayonakiliwa kulia na chini:

```
=IFERROR(TRIM(INDEX(refu!$B$2:$B$500,
 MATCH($A2&"|"&B$1,refu!$D$2:$D$500,0))),
 "HAIKUPATIKANA")
```

TRIM hapa inafanya zaidi ya kuondoa nafasi. INDEX ikikuta seli tupu hurudisha 0, na sifuri katika safu ya madumu inasema kwamba kaya haitumii dumu hata moja, jambo ambalo mhojiwa hakulisema. TRIM huacha seli ikiwa tupu. Vilevile nilitaka swali lililoandikwa namba yake bila jibu, kama la tano katika kaya 27, litofautiane na swali ambalo mdodosaji hakuliandika kabisa. La kwanza linabaki tupu na la pili linapata neno HAIKUPATIKANA. Elewa pia kwamba MATCH huchukua ufunguo wa kwanza tu na kunyamaza kuhusu wa pili, ndiyo maana marudio lazima yaishe kwenye jedwali refu kabla ya fomula hii kuandikwa.

Safu iliyonichukua fikra nyingi zaidi ni ya muda. Kigezo cha WHO na UNICEF cha huduma ya msingi ya maji kinataka chanzo kilichoboreshwa na muda usiozidi dakika 30 kwenda, kupanga foleni na kurudi, kwa hiyo jibu hili linaamua kaya iangukie kundi gani. Majibu yalikuwa «dk 30», «nusu saa», «robo saa», «lisaa limoja», «saa 1 kasorobo» na «dk 20 kwenda». Nilikusanya majibu yasiyojirudia kwenye karatasi nyingine kwa Remove Duplicates, nikaandika dakika mbele ya kila jibu, kisha nikayaita kwa fomula, ili uamuzi wangu kwa kila jibu uonekane na uweze kupingwa. Sikuzidisha «dk 20 kwenda» mara mbili, kwa kuwa foleni haijulikani. Nililiacha tupu na kuweka maelezo kwenye safu ya pembeni.

«Saa 1» ya kaya 27 haikuweza kuamuliwa kwa kusoma tu, kwa sababu wengine walikuwa wameandika saa ya kuondoka badala ya muda wa safari. Nilimpigia mdodosaji.

«Kaka, ile saa 1 ya kaya 27 ni muda wanaotumia au ni saa wanayotoka?»

«Ni saa wanayotoka, dada. Wanatoka saa moja asubuhi. Kwenda na kurudi pamoja na foleni ni kama dakika arobaini.»

Kama ningeandika 60, kaya ingebaki upande uleule wa kigezo, lakini wastani wa kata ungebadilika. Saa yenyewe niliiweka katika safu ya maelezo kama 07:00, ili atakayeisoma nje ya Afrika Mashariki asidhani ni saa saba usiku.

Swali la vyanzo lilikuwa na majibu mengi ndani ya seli moja, na kulipasua kuwa mistari kadhaa kungevunja sharti la mstari mmoja kwa kaya. Nililipa safu nne, yaani kisima, bomba, mvua na boza, kila moja ikiwa na 1 au 0 kwa kutumia SEARCH, kisha nikasoma jibu moja moja, kwa kuwa SEARCH huipa 1 hata kaya iliyosema «hatutumii kisima tena».

Kabla ya kukabidhi nilichukua kila kaya ya kumi na kuilinganisha na meseji yake katika faili asilia, kuanzia jedwali kwenda kwenye maandishi, si kinyume chake. Safu ya mwisho ya jedwali ina meseji nzima ya kaya kama ilivyotumwa, isipokuwa majina na namba za simu, ambazo niliziondoa kabla faili halijatoka kwenye kompyuta yangu.