Nzuri, ila jino

Tangu Jumanne nasikia kandambili za mama wa ghorofa ya juu zikishuka ngazi.

"Habari za asubuhi, mwanangu?"

"Mbaya, mama. Jino halikunilaza."

"Tunashukuru. Haya, kazi njema."

Akapita zake. Wiki hii tumehama ofisi, dada ameposwa, na mimi bado niko pale kwenye ngazi na ile "tunashukuru".

Nimemlaumu siku mbili nzima, kisha nikakubali kwamba aliyekosea ni mimi. "Habari za asubuhi" haidai taarifa ya usiku. Inasema tu nimekuona, na inangoja neno moja: nzuri, njema au salama. Ukiweka "mbaya" mahali pale, sikio linasikia lile lililokuwa likilitarajia. "Hujambo" nayo ni hivyohivyo. Ukiitazama vizuri inasema huna jambo, nawe unajibu "sijambo" hata homa ikiwa inakuchoma. "Shikamoo" ndiyo haina kabisa pa kuchomekea shida. Ni "marahaba" na basi.

Pa kuchomekea ni baada ya jibu. "Nzuri, mama, ila jino." Hata aliyefiwa huanza na "salama", ndipo aseme "ila tumepata msiba". Wageni wa lugha huona huo ni uongo. Si uongo: "salama" imerudisha salamu, na habari yenyewe inaanzia kwenye "ila". Usiyetaka kutaja kitu, sema "nzuri kidogo" au "nzuri tu" huku sauti ikishuka. Mwenye nafasi atakamata: "Vipi, kuna nini?" Hilo sasa ndilo swali.

Lakini tazama miguu kwanza. Kama haijasimama, jibu neno moja, umrudishie: "Salama, sijui wewe?" Akisimama akaendelea na za nyumbani, za watoto, za kazi, usidhani ameanza kupeleleza, kila moja ina "nzuri" yake, na ukieleza ya watoto kabla hajafika kwenye ya kazi unamkata njiani. Mwache amalize mzunguko. Swali la kweli utalijua kwa sababu halina "habari za". Linataja kitu chenyewe kwa jina.

Leo asubuhi kandambili tena.

"Habari za asubuhi?"

"Salama, mama."

"Na lile jino, limetulia?"

Kumbe alisikia! Siku mbili nimemnunia mtu aliyekuwa amelibeba jino langu hadi sokoni na kurudi. Nikamweleza yote, mpaka upande wa taya, naye akanipa pole yangu ya Jumanne.

Jino linaweza kungoja. Kikao cha mahari ni Jumapili, na baba bado hajasema kama atakuja.