Jibu Lililofika Chini ya Swali Lingine

Jana jioni, nikiwa ninakaanga sambaza, binti wa kaka yangu alikuja kuketi karibu na jiko, simu mkononi, akaniuliza bila kuinua macho: "Shangazi, tiki mbili za kijivu tangu saa nane mchana, maana yake hanitaki?" Sikumjibu mara moja. Harufu ya sambaza na lile swali lake vilikuwa vimekwisha kunirudisha mwaka 2019, nyumba ya Nguba, usiku ule nilioharibu jambo zuri kwa sababu ya tiki ambazo niliziangalia saa nzima bila kuzisoma.

Mwalimu niliyeanza kumpenda alikuwa Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, upande unaotazama Rwanda. Tulikutana katika sherehe ya ndoa hapa Bukavu, tukapeana namba, na kwa wiki tatu tukawa tunaandikiana kwenye WhatsApp maneno yale ya mwanzo, ambayo mtu huyaandika akiyafuta mara mbili kabla ya kuyatuma. Mimi mchana nilikuwa na waifai ya ofisi kule Muhumba, na jioni nilikuwa na mega zangu za mwezi. Yeye alinunua mega za siku moja, kidogo kidogo, na alifungua data mara tatu tu: alfajiri akipanda kwenda shule, saa ya mapumziko, na jioni kabla ya kushuka nyumbani. Aliniambia hayo yote tangu wiki ya kwanza, nami niliyasikia kama mtu anavyosikia habari za hali ya hewa ya mji mwingine.

Jumanne hiyo, saa 19:12, nilimwandikia ujumbe uliokuwa na ujasiri kuliko yote iliyotangulia: "Mwalimu, nikikupikia sambaza siku ya posho, utavuka ziwa uje kula?" Ukaonyesha tiki moja, kisha mbili, zote za kijivu. Nikajua umefika kwenye simu yake. Nikaweka simu mezani, nikaichukua tena, nikaiweka, nikaosha vyombo, nikarudi. Zilikuwa bado za kijivu. Saa 20:00, vilevile. Saa 21:00, vilevile. Rafiki yangu niliyekuwa naye alinihurumia, akaniambia kwamba mwanaume anayekupenda hakosi mega, na mimi, ambaye nilikuwa nimekwisha kuona aibu ya kualika mtu asiyejibu, nilimwamini.

Saa 22:05 niliandika ujumbe wa pili: "Mwalimu, unataka niache kukuandikia?"

Ujumbe huo ulipata tiki moja. Ninakumbuka kuiona. Ninakumbuka hata kwamba niliusubiri dakika chache kisha nikalala, nikidhani tiki ile moja ilizidi kuthibitisha dharau, wakati kwa kweli ilikuwa ikinieleza kinyume kabisa. Tiki moja maana yake ujumbe umetoka kwangu lakini haujaweza kuifikia simu yake. Kama angekuwa ameketi na data wazi, akiniangalia na kuninyamazia, ujumbe wa pili ungepata tiki mbili papo hapo, kama ule wa kwanza. Kati ya saa 19:12 na saa 22:05 simu yake ilikuwa imetoka hewani, na ushahidi wake ulikuwa mbele ya macho yangu, chini ya maneno yangu mwenyewe.

Saa 5:48 alfajiri simu ililia kitandani. Niliifungua gizani. Hivi ndivyo kioo kilivyonionyesha, kutoka juu kwenda chini: mwaliko wangu wa sambaza, sasa ukiwa na tiki za buluu, chini yake swali langu, "Mwalimu, unataka niache kukuandikia?", na chini kabisa jibu lake: "Hilo halihitaji kuulizwa mara mbili."

Nilisoma mara tatu. Niliketi kitandani miguu ikiwa chini sakafuni, na sakafu ilikuwa baridi, na nje mtu alikuwa anafagia ua, na ninaweza hata leo kusikia ule ufagio. Hakukuwa na uso wa kucheka mwishoni mwa sentensi yake, wala jina lile alilozoea kuniita, Mama wa Nguba. Maneno matano tu, makavu. Nilizima data yangu, nikaenda kazini, na ofisini sikuyafungua mazungumzo yake siku nzima.

Kama ningetulia kidogo, kulikuwa na jambo moja zaidi la kuona. Swali langu la pili lilikuwa sasa na tiki mbili, lakini za kijivu. Mwaliko wa kwanza ulikuwa wa buluu, swali halikuwa. Yaani jibu lile lilikuwa limenifikia wakati yeye mwenyewe alikuwa hajalifungua swali nililodhani analijibu. Kwa kawaida mtu hajibu asichokifungua. Lakini hasira haina subira ya kulinganisha rangi za tiki mbili zilizo juu na zilizo chini.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa za kimya. Alhamisi aliniandikia, "Nimekosea nini?", nami sikuufungua ujumbe huo. Alinipigia bipu mara mbili, nikakata. Yale mengine ya siku hizo ni ya kulia tu na kumsimulia rafiki, sina haja ya kuyarudia.

Jumamosi, ile siku ya posho niliyomwalika, kabla ya saa sita mchana, alipiga simu kwa namba ya mtu mwingine, kutoka bandarini. Alikuwa amevuka. Alisema: "Ulinialika, nikakubali. Nimekuja kula." Nilikwenda kumpokea nikiwa sijui nitamwambia nini, na tuliketi kwenye mgahawa mdogo karibu na bandari, akaweka simu yake mezani kando ya yangu, mazungumzo yaleyale yakiwa wazi kwenye simu zote mbili.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwenye simu yake mpangilio ulikuwa tofauti. Mwaliko wangu ulikuwa juu, jibu lake lilikuwa moja kwa moja chini yake, na swali langu la hasira lilikuwa mwisho. "Utavuka ziwa uje kula?" "Hilo halihitaji kuulizwa mara mbili." Kisha, bila sababu yoyote aliyoweza kuiona, mwanamke aliyemkubalia mwaliko anamuuliza kama anataka aache kumwandikia. Mazungumzo mamoja, simu mbili, hadithi mbili.

Akanieleza usiku wake polepole, kama anavyoeleza hesabu darasani. Ujumbe wangu wa saa 19:12 uliingia simu ikiwa mfukoni, wakati anashuka kutoka mgongo wa kilima ambako rezo ya Kongo inapatikana. Alipofika nyumbani akaufungua, lakini upande ule wa kisiwa simu huacha mnara wetu na kushika mnara wa Rwanda ng'ambo ya maji. Mistari ya rezo inaonekana imejaa, ila ni rezo ya nchi nyingine, na mega zake hazikufanya kazi huko. Alisoma mwaliko wangu dakika chache baada ya mimi kuutuma. Lakini hata ile rangi ya buluu nayo inahitaji mtandao ili isafiri, kwa hiyo kwangu tiki zilibaki za kijivu usiku kucha. Akaandika jibu, akalituma, na kando ya jibu hilo ikakaa ile alama ya saa ndogo inayosema ujumbe bado haujaondoka kwenye simu. Akalala akiamini litaondoka lenyewe. Liliondoka alfajiri alipopanda kilima, na likafika kwangu likapangwa chini ya kila kitu nilichokuwa nimekwisha kukiandika, kwa sababu simu yangu ilipanga ujumbe kwa zamu ya kufika.

Nikamuuliza kwa nini alikaa siku mbili na swali lake la "Nimekosea nini?" bila kuhangaika zaidi. Akasema: "Nilidhani ni mtandao wa Bukavu." Sentensi hiyo iliniumiza kuliko ile ya alfajiri. Yeye alikuwa amenitafutia udhuru, udhuru ambao sikuustahili, kwa maana waifai ya ofisi ilikuwa inafanya kazi vizuri na ukimya ule ulikuwa wangu mimi mwenyewe.

Tulibadilisha mambo machache baada ya hapo. Kila jibu tulilitelezesha kutoka kwenye ujumbe wenyewe, kwa kuvuta ujumbe huo kulia, ili swali lisafiri pamoja na jibu lake hata likichelewa usiku mzima. Kabla ya kushuka kilima aliniandikia neno moja, "Nashuka," nami nikajua kwamba ukimya unaanzia hapo. Na katika mipangilio ya simu yake aliacha kuiruhusu ijichagulie mtandao, akachagua yeye mwenyewe ule wa Kongo. Matokeo yake nyumbani mistari ilipungua au ikapotea kabisa, lakini angalau hakudanganyika tena kwamba ujumbe wake unaondoka. Mega bado ziliisha, hasa siku alizotazama video za statusi, ambazo hula kwa mara moja kiasi ambacho maneno matupu yangekitumia siku nyingi. Tuliendelea hivyo miezi saba. Tuliachana baadaye kwa sababu nyingine, ana kwa ana, bila tiki yoyote.

Haya yote nilimsimulia binti wa kaka yangu, sambaza zikipoa. Akanisikiliza, kisha akasema tufanye jaribio. Akamwandikia kijana yule neno dogo, "Umeshindaje?" Tukainama wote wawili juu ya kioo. Tiki moja. Kabla hajavuta pumzi, tiki mbili.

"Kwa hiyo simu yake iko hewani, Shangazi."

"Iko hewani, mwanangu."

"Na anaona."

Nilimwambia kwamba tiki mbili zinasema simu ina mtandao, hazisemi simu iko mkononi mwa nani wala mwenye nayo anafanya nini. Nilimwambia pia kwamba mtu anaweza kuusoma ujumbe juu ya kioo bila kuufungua, na tiki zikabaki za kijivu ingawa ameona kila neno. Alinitazama kwa namna ya mtu aliyeomba mlango akaonyeshwa ukuta. Nilitaka kumwambia asubiri, na nilitaka kumwambia asisubiri sana. Nilikumbuka mwalimu aliyesubiri siku mbili akidhani ni mtandao, kumbe ni mimi, nikakosa la kusema.

Nikampa sahani yake. Akaiweka simu kando ya ugali, kioo kikitazama juu, na tukala.