Maharagwe ya gizani: mradi wa darasa la nne

Jumatatu. Tumekata chupa za maji, tukazitoboa chini kwa msumari wa moto, tukazijaza udongo wa bustani. Mbegu ni maharagwe aina ya nambale, ya sokoni hapa Busia. Za duka la pembejeo sikuzitaka, zinapakwa dawa yenye rangi na watoto hawachelewi kutia vidole mdomoni. Punje zilizotobolewa na wadudu tumezitupa, nzima zimelala majini usiku kucha. Kila chupa ina punje tatu, kina cha pingili moja ya kidole. Ukipanda moja tu ikaoza, huwezi kujua kama kosa ni la giza au la punje. Chupa mbili ziko dirishani, mbili ndani ya boksi la sabuni lenye nyufa zilizozibwa kwa selotepu.

Ijumaa. Zote zimeanza kuchomoza. Hapa ndipo penye mtego: watoto wanataka kupima kifuniko kimoja cha maji kwa kila chupa, ili iwe haki. Lakini udongo wa boksini haukauki haraka kama wa dirishani, na kifuniko kile kile kitaozesha mizizi ya gizani. Tumekubaliana kugusa udongo kwa kidole, tunamwagia ukikauka tu. Kinachosawazishwa ni unyevu.

Jumatano. Tunapima kwa uzi, kisha uzi kwenye rula. Dirishani mche mrefu kuliko yote ni sentimita 12. Boksini ni 23! Darasa likapiga kelele, na msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo giza ndiyo mbolea?"

Nikawaambia waangalie vizuri. Ule mrefu una shina jeupe, jembamba, linaloinama, na majani madogo ya manjano. Bila mwanga mmea hautengenezi klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, kwa hiyo haujipikii chakula. Unakula akiba ya zile nusu mbili za punje zilizopanda juu na shina, na akiba hiyo yote unaimalizia kwenye urefu, ukitafuta mwanga. Ndiyo maana kupima urefu peke yake kunadanganya. Sasa daftari lina safu tatu: urefu, rangi, upana wa jani.

Maneno yangu hayakumtosha yule msichana, na alikuwa na haki. Basi tukachagua miche miwili ya boksini iliyolingana, ambayo nusu zake zilikuwa bado nene, mmoja tukaukata nusu zote mbili kwa wembe (wembe nilishika mimi), tukafunga boksi upesi.

Jumatatu tena. Mche uliokatwa karibu haujarefuka. Mwenzake umeongeza sentimita 6, ila nusu zake zimesinyaa, nadhani wiki hii utaanguka.

Chupa moja ya gizani tumeihamishia dirishani, asubuhi tu, jua la mchana lisije likaunguza majani. Mtoto mwingine ameomba boksi litobolewe tundu ubavuni, mwanga uingie upande huo. Kesho tunatoboa.