Saa nne ya Mama wa Mpunguzi

Nilijua nimeharibu nilipoona simu tatu ambazo sikuzipokea na ujumbe mmoja wa maneno mawili: TUMEONDOKA WATATU. Ilikuwa saa sita na nusu mchana, nami nilikuwa Majengo nashusha makasha matupu ya zabibu, simu nikiwa nimeiacha kwenye koti ndani ya gari.

Mimi hununua zabibu za kula kwa wakulima wa Dodoma na kuzipeleka Dar es Salaam. Mama niliyekuwa na ahadi naye ana shamba Mpunguzi, barabara ya Iringa, na wakulima wadogo wa pale wanamsikiliza. Nilikuwa nimemwomba tukutane Jumatano kuzungumzia mavuno ya Agosti. Akasema njoo saa nne, na kwa kuwa ni mtu wa kujali wenzake, akawaita wawili waje wasikie bei kwa masikio yao.

Usiku ule nikaingiza ahadi kwenye kalenda ya simu. Nikaandika 4:00. Simu ikaniuliza AM au PM, na kwa kuwa hakuna anayekwenda shambani kwa mtu alfajiri, nikabonyeza PM bila kufikiri. Saa ya simu huhesabu kuanzia usiku wa manane, yetu huhesabu kuanzia mapambazuko, na kati yake kuna saa sita. Saa nne ya Mama ilikuwa 10:00 AM. Mimi nikawa nangoja kukumbushwa saa kumi jioni.

Nikampigia palepale. Ikaita mpaka ikakata. Sikupiga tena. Mtu aliyekupigia mara tatu ukiwa hupokei, ukimrudishia kwa kumpigia mfululizo ni kama unamdai. Nikaamua kuandika, na kuandika siku ileile, kwa sababu samahani ya kesho yake huwa imeshatanguliwa na maneno ya jirani.

Rasimu ya kwanza ilikuwa aibu. Ilianza na “samahani kwa usumbufu uliojitokeza”, yale maneno tunayoyaona kwenye matangazo ya kukatika kwa maji. Nikayasoma mara ya pili nikacheka peke yangu. Usumbufu umejitokeza wapi? Umetoka kichakani? Msumbufu ni mimi. Kisha nilikuwa nimeeleza habari ya makasha, gari, mteja wa Dar, foleni, yote ya kweli, lakini hakuna hata moja lililonizuia kufika. Kilichonizuia ni kidole changu kwenye PM. Na mwishoni nikaweka “poleni kwa kusubiri”. Pole ni neno zuri, ila unampa pole hata mtu aliyenyeshewa na mvua. Halisemi nani kakosa. Kwa mtu wa umri wa mama yangu neno ni radhi.

Kulikuwa na jambo jingine. Mama anatumia kitochi, na meseji ndefu husomewa na mjukuu wake akitoka shule. Kwa hiyo nilichoandika kingesomwa kwa sauti, pengine mbele ya wale wawili walioondoka naye wamekasirika. Hao nisipowataja, ningekuwa nimemwomba radhi mmoja kati ya watatu. Nikakata mpaka nikapata meseji mbili, kila moja chini ya herufi 160, ili zisivunjike vipande njiani. Ya kwanza:

“Shikamoo Mama. Leo saa nne asubuhi sikufika. Kosa ni langu, niliandika saa vibaya kwenye simu. Naomba radhi kwako na kwa wenzako wawili mlionisubiri.”

Sababu nimeiacha iwe sentensi moja. Ukiifuta kabisa, mtu anabaki anajiuliza kama ulimdharau au umepata bei nzuri Hombolo. Ukiirefusha, inageuka utetezi.

Meseji ya pili ndiyo iliyonichukua muda. Kumuuliza “una nafasi lini?” kunaonekana kama heshima, lakini ni kumwachia kazi yeye aliyekosewa: afikirie, apange, awaulize wenzake, anijibu. Kumwambia “nakuja kesho saa nne” nako ni amri, tena kutoka kwa mtu ambaye ahadi yake ya leo haikuwa na thamani. Nikajiuliza siku yake ikoje. Ilikuwa Juni, ule upepo wa baridi wa Dodoma umeanza, na wakulima wa zabibu wanapiga dawa ya ugonjwa wa ubwiri unga asubuhi mapema kabla upepo haujapanda na kuipeperusha. Kumbe hata ile saa nne alinipa akijua atakuwa amemaliza bomba lake la mwisho. Jumamosi Mpunguzi kuna shughuli nyingi za watu, Jumapili ni kanisa. Nikaandika:

“Nikiruhusiwa nitakuja Mpunguzi Ijumaa saa kumi jioni au Jumatatu saa kumi jioni. Kama hazikufai, panga siku na saa wewe, mimi nitafika.”

Niliandika “jioni” mara zote mbili kwa makusudi. Mtu aliyekosea saa hapaswi kutuma saa isiyo na asubuhi wala jioni. Nilitaka pia kumtumia hela kidogo kwa simu, ya nauli za wenzake, nikaacha. Hela ikifika kabla mtu hajakusamehe inasomeka kama unataka kumaliza maneno. Hiyo niliipanga kuibeba mkononi.

Nikatuma saa saba kasoro. Kimya. Saa kumi jioni simu ikalia: ile kalenda, inanikumbusha ahadi ya Mama. Nusura niitupe.

Jibu lilikuja saa mbili usiku. “Jtatu saa 1.”

Hakuchagua hata moja ya zangu, na saa aliyotaja ndiyo saa ya kupiga dawa. Nikaelewa. Sikumwuliza “saa moja ya lini”, maana hilo lingekuwa la mtu asiyesikia. Nilimrudishia nilivyoelewa, kama ningekosea angenisahihisha: “Nimepokea Mama. Jumatatu saa moja asubuhi, shambani. Asante.” Hakujibu. Nikaingiza 7:00 AM, na kwenye karatasi nikaandika saa moja asubuhi, nikaibandika kwenye usukani.

Jumatatu nilifika saa moja kasoro dakika ishirini, nikasimama kando ya mizabibu. Mama alikuwa na bomba mgongoni na kitambaa puani, akaniona, akaendelea na mstari wake. Nikaamkia kwa mbali. Akaitika marahaba bila kugeuka. Akamaliza mstari ule, akaenda wa pili, akarudi kuchanganya dawa, akaanza wa tatu. Wale wawili walifika wakaketi kwenye ndoo zilizopinduliwa, wakanitazama kama mgeni wa msiba. Nikawaomba radhi wote wawili kwa mdomo, kisha nikauliza nauli ya Jumatano ilikuwa kiasi gani. Mmoja alikuja kwa bodaboda, shilingi elfu tatu kwenda na kurudi. Nikampa. Mwingine alikuja kwa miguu, akakataa kupokea chochote, akasema aliyepoteza ni shamba lake.

Mama alivua bomba saa tatu kasoro robo. Akanawa mikono taratibu, akakausha kwenye khanga, akaketi.

“Haya,” akasema. “Simu yako inasema saa ngapi?”

Nikaitoa, nikamsomea: “Nane na dakika arobaini na tano, Mama.”

“Mh. Mwambie ni saa tatu kasoro robo,” akasema, na wale wawili wakaangua kicheko. “Sasa tuambie bei.”